Ovataimu ya wikiendi hii

JUMATANO

Bosi, saa 11:50 jioni
Habari za jioni. Makao makuu wameisogeza hesabu ya stoki, sio mwisho wa mwezi tena, ni Jumamosi na Jumapili hii. Tunaanza saa 2 asubuhi mpaka tumalize, siku zote mbili ni ovataimu. Wewe nimekupanga rafu B na C kwa sababu ndo unazijua. Nithibitishie leo nipeleke majina.

Mimi, saa 12:35 jioni
Shikamoo madam. Meseji nimeipata, nimekaa nayo kidogo kabla ya kujibu ili nikwambie kitu kimoja chenye uhakika usije ukapeleka jina langu halafu ukaanza kuhangaika Jumamosi asubuhi: wikiendi hii sitakuwepo, Jumamosi wala Jumapili.

Siku hizo tunawahamisha wazee. Baba tangu apate kile kiharusi mguu wa kushoto haujakaa sawa na wanakaa ghorofa ya tatu lifti hamna, kumshusha tu kwenda kliniki ni watu wawili na kiti, akirudi ni hivyo hivyo. Nyumba ya chini tumeitafuta muda mrefu tumeipata mwezi uliopita. Lori limeshalipiwa, linafika Jumamosi saa 1 asubuhi, mdogo wangu anasafiri usiku wa Ijumaa na kwake ameomba ruhusa ya siku 2. Nyumba ya zamani mkataba unaisha Jumapili na mimi ndo niliyeusaini, kwa hiyo mimi ndo natakiwa kuzunguka na mwenye nyumba chumba kwa chumba na kukabidhi funguo saa 10 jioni. Ingekuwa ni jambo la kusogeza ningelisogeza bila hata wewe kujua.

Naomba usilichukulie kama naikimbia kazi. Hesabu ya mwezi wa sita nilikuwepo siku zote mbili na ile ya dharura kontena lilipochelewa nilikuwepo, na ukweli mtupu hiyo hela ya ovataimu naihitaji kuliko siku zote maana kuhama hakuna anayekuhurumia. Ila hili nililiahidi kabla.

Ninachoweza kufanya ni hiki. Kesho na Ijumaa nabaki mpaka saa 3 usiku. Rafu C karibu yote ni vitu visivyotembea, bushi na gasketi za modeli za zamani, kuna maboksi hayajaguswa miezi. Hizo nazihesabu kabla, kila boksi likishahesabiwa nalifunga kwa utepe na kubandika karatasi yenye idadi na tarehe, na kama kuna kitakachotoka Ijumaa mchana anayetoa anaandika kwenye karatasi hiyo hiyo kwa hiyo Jumamosi mnasoma tu. Rafu B siwezi kuigusa kabla, filta na beringi zinatoka kila saa, ukihesabu asubuhi mchana namba imeshakuwa uongo, ile lazima isubiri mkishasimamisha kutoa mzigo. Lakini naweza kuipanga, kila saizi mahali pake, maboksi yaliyofunguliwa mbele yaliyofungwa nyuma, ili atakayehesabu asitafute.

Kuhusu mtu, nimemuuliza jamaa wa shifti ya usiku kama wikiendi ana nafasi, akasema anayo. Sijamuahidi chochote, listi ni yako.

Bosi, saa 1:20 usiku
Marahaba. Pole na mzee, sikujua kama bado mnambeba. Ila na wewe umeniweka pabaya, wawili wako likizo na mmoja mgonjwa. Jumamosi nimeelewa. Jumapili je? Funguo si saa 10 jioni? Njoo saa 2 mpaka saa 7 tu, nusu siku, unaondoka unaenda kukabidhi.

Mimi, saa 1:41 usiku
Madam nimeifikiria hiyo hata kabla hujaitaja. Tatizo ni kwamba Jumamosi lori linabeba vitu ila Jumapili ndo kuna kusafisha, kuziba matundu ya misumari, na kitanda cha baba kinatakiwa kifungwe upya kule chini na vyuma vya kushikilia chooni viwekwe kabla hajalala usiku wa pili, fundi anakuja saa 3 asubuhi na mimi ndo namsubiri. Nikikwambia nitakuja nusu siku nitakuja nikiwa na simu sikioni, na saa 5 nitakuwa naomba kutoka.

Halafu kuna hili, nisikufiche. Mtu aliyebeba makabati ngazi za ghorofa tatu siku nzima ukimpa beringi Jumapili asubuhi, saizi mbili zinazofanana zimetofautiana namba moja tu ya mwisho, atakuletea hesabu ya ajabu na Jumatatu nzima itakuwa ya kurudia. Bora nisiwepo kuliko niwepo hivyo. Kwa hiyo na Jumapili naomba iwe hapana, samahani sana.

Jioni lakini, kuanzia saa 1, simu yangu iko wazi. Kukiwa na tofauti kwenye B nipigie, nyingi nazijua zinatoka wapi. Na Jumatatu naingia saa 12 asubuhi, tofauti zote za B na C nazichukua mimi, nazilinganisha na hati za kutolea mzigo kabla watu wa mauzo hawajafika.

Bosi, saa 1:58 usiku
Wewe unazijua zinatoka wapi, ndo hapo mkaguzi alipotushika. Mwenye rafu asihesabu rafu yake peke yake. Na sasa unataka C uihesabu mwenyewe usiku, peke yako.

Mimi, saa 2:06 usiku
Kweli kabisa, hilo nililiruka. Basi iwe hivi: dada wa ankara kesho na keshokutwa anatoka saa 12 jioni, kama ukimuombea abaki na yeye aandikiwe ovataimu, yeye ndo ahesabu na kuandika, mimi nashusha maboksi na kuyafungua. Karatasi ya sistim yenye idadi asiione yeye wala mimi, iprintiwe yenye majina na namba za vipuri tu, safu ya idadi iwe tupu. Jumamosi mkaguzi akitaka anachagua maboksi yake kumi au ishirini yoyote anakata utepe anahesabu upya, yakilingana wanaendelea, yasipolingana wanairudia C yote na mimi sina neno.

Na ukiangalia hivyo, mimi kutokuwepo B ni afadhali hata kwa mkaguzi. Sisemi ili kujitetea. Au nasema, kidogo.

Bosi, saa 2:15 usiku
Haya. Dada wa ankara nitaongea naye asubuhi. Wa shifti ya usiku namuweka B ila hajawahi kuihesabu, mwandikie kila kitu. Mimi sitaki kupigiwa simu Jumamosi kuulizwa boksi la bluu ni la nini. Na Jumatatu saa 12 ni saa 12.

Mimi, saa 2:17 usiku
Saa 12 nitakuwa mlangoni. Asante sana madam. Na naomba jina langu libaki kwenye listi ya ovataimu zijazo, ukinipa taarifa siku kama 10 kabla hata wikiendi mbili mfululizo napanga.

Bosi, saa 2:30 usiku
Taarifa ya siku 10 na mimi naitamani, waambie makao makuu. Msalimie mzee.

ALHAMISI

Mimi kwa jamaa wa shifti ya usiku, saa 7:10 mchana
Kaka mambo, madam amekubali uchukue B Jumamosi na Jumapili, ovataimu yote ni yako. Nashukuru sana, hapa umeniokoa kweli, na wikiendi yoyote utakayotaka kutoka niambie mapema nitakushikia, hiyo ni deni.

Sasa sikiliza B ilivyo. Unaanzia juu kushoto unashuka, ukimaliza nguzo moja ndo unaenda ya pili, usihesabu kwa kuvuka maana utarudia. Filta za oili ziko kwa dazeni ila usiamini maandishi ya boksi, lililofunguliwa hesabu moja moja. Beringi usisome boksi, soma namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, watu wanarudisha beringi kwenye boksi lisilo lake na hapo ndo tofauti nyingi za mwezi wa sita zilipotoka. Belti zinaning'inia, ukizihesabu zigeuze moja moja, mbili zikishikana zinaonekana moja. Boksi la bluu chini kabisa ni vitu vilivyorudishwa na wateja, hayo USIYAHESABU kwenye stoki, yana karatasi yake. Na kabla hujaanza hakikisha madam ameandika namba ya hati ya mwisho ya kupokea na ya mwisho ya kutoa, mzigo ukifika Jumamosi katikati ya kazi uwekwe pembeni, usiingie rafuni hata kama dereva ana haraka, wao siku zote wana haraka.

Ukikwama acha mstari wazi uweke alama, usikisie. Mchana sitashika simu nitakuwa na kabati mgongoni, saa 1 jioni nipigie.

Jamaa, saa 7:32 mchana
Poa kaka nimesoma yote. Hapo kwa beringi ndo sikujua. Wasalimie wazee, na usibebe kabati peke yako bwana, Jumatatu tunakuhitaji na mgongo.

IJUMAA

Mimi, saa 3:05 usiku
Madam, C imeisha. Maboksi yote yana utepe na karatasi, dada wa ankara amesaini kila ukurasa na karatasi ziko kwenye droo yako ya juu, ufunguo kwa mlinzi. Kuna gasketi mbili tulizikuta kwenye boksi la bushi, hatujazihamisha, tumeandika pale pale zilipo ili mkaguzi azione mwenyewe. B imepangwa, ila beringi ndogo zile za nguzo ya tatu sikufika, saa zimekwisha, mwambie jamaa aanzie huko akiwa bado na nguvu.

Bosi, saa 3:20 usiku
Nimeona. Nenda kalale, lori saa 1.