Robo Robo

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, karibu. Ujumbe wako niliupata."

Kuupata aliupata. Nilimwandikia mara mbili wiki ile: kwanza kumwambia nitafika Jumamosi, kisha kumuuliza nimletee nini. Mara zote mbili alinijibu kwa kidole gumba. Nikuletee nini, Babu? Kidole gumba.

Katika kundi la familia tulishamzoea hivyo. Shangazi alipoandika kwamba mtoto wake amelazwa, Babu aliweka kidole gumba, na Shangazi akakaa na kinyongo mwezi mzima. Tukasema mzee siku hizi amekuwa mkavu. Hata mimi nilisema hivyo, na hadi leo neno hilo linaniuma.

Mchana ule tulikuwa tumekaa karibu na dirisha simu yake ilipolia. Aliichukua, akaunyoosha mkono mpaka mwisho, akaukunja tena, akaileta simu karibu kabisa na pua, akaigeuzia upande wenye mwanga, kisha akaiinamisha kidogo. Halafu akabonyeza kidole gumba na kuiweka chini.

"Nani, Babu?"

"Ni… salamu tu."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilikuwa nimeuona ujumbe. Haukuwa salamu. Fundi wa paa alikuwa anauliza kama aje Jumatatu au Jumanne.

Babu alikuwa fundi saa kwa miaka 41. Mtu aliyekuwa akiokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele kwa ncha ya kibanio, utamwambiaje kwamba haoni? Sikumwambia. Nilisema, "Babu, hii simu yako ina mipangilio imekaa vibaya. Naomba niirekebishe, lakini wewe ndiye utakayeniambia imekaa sawa au bado."

Alinitazama kitambo. Akanikabidhi.

Nilipoifungua nikaelewa. Kaka yangu, kwa mapenzi tu, alikuwa amemwekea fonti ya madoido, ile inayofanana na mwandiko wa mkono, herufi zimelala na mikia imepindana. Nyuma ya mazungumzo kulikuwa na picha ya maua mekundu, na maneno yalikuwa yanaelea juu ya petali. Mwanga wa skrini ulikuwa umepandishwa hadi mwisho. Na maandishi yenyewe yalikuwa madogo, kama simu ilivyotoka dukani.

Nilianza na mandhari meusi, kwa sababu ndiyo ninayoyapenda mimi. Nikakaa mbele yake na kumtumia ujumbe kutoka kwenye simu yangu: *Babu, unaona nini?*

Akakunja uso. "Naona herufi zimeota ndevu. Kila moja ina ukungu pembeni."

Nilishangaa. Kwangu zilikuwa safi kabisa, nyeupe juu ya nyeusi, zinapumzisha macho. Kumbe yapo macho ambayo maandishi meupe kwenye giza huyatawanyikia, na macho ya Babu ni mojawapo. Nikarudisha mandhari meupe, naye akafumba macho nusu kama mtu aliyemulikwa tochi. Basi nikashusha mwanga hadi kati. Mabega yake yakalegea.

"Hapo," akasema. "Sasa maandishi. Lakini usizungushe kwa pupa. Robo, kisha ngoja. Saa inayochelewa ukiirekebisha kwa haraka, kesho inawahi."

Nikaenda kwenye Mipangilio, sehemu ya skrini, nikatoa fonti ya madoido na kuweka ile ya kawaida iliyosimama wima. Maua nikayafuta, nyuma pakabaki rangi moja. Kisha kile kitufe cha ukubwa wa fonti: hatua moja, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Hatua ya pili. Ya tatu. Mimi kwa pupa yangu nikasogeza hadi mwisho kabisa, na neno moja likajaza mstari mzima, sentensi ikawa ngazi ndefu ya kupandisha na kushusha.

"Nilikwambiaje?"

Nikarudisha hatua mbili. Nikawasha herufi nzito, kisha maandishi yenye utofautishaji mkubwa, ili weusi uwe mweusi kweli. Mwishoni nikaingia ndani ya wasapu yenyewe, maana nayo ina kipimo chake cha fonti, nikachagua kubwa. Nikamtumia ujumbe mwingine: *Fundi wa paa anauliza Jumatatu au Jumanne.*

Babu hakunyoosha mkono. Simu ilikuwa mapajani, pale pale mtu anaposhikia simu yake. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama. Kisha akasema, "Jumanne. Jumatatu nina kliniki ya macho."

Kwa hiyo hata kliniki alikuwa anakwenda, na hakumwambia mtu.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikaenda kuchota maji ya kunywa, na niliporudi alikuwa bado ameinama. Alikuwa anapandisha mazungumzo juu kwa kidole, taratibu, anasoma miezi yote iliyompita. Akaufikia ule wa Shangazi kuhusu mtoto kulazwa. Akausoma, akakaona na kale kadole gumba chini yake, akanyamaza. "Lo," akasema. "Na mimi nilidhani ni picha ya mtoto amehitimu."

Halafu akafika kwa dada yake. Ni mdogo wake wa pekee aliye hai, na anakaa mbali. Ujumbe ulikuwa mrefu, wa wiki tisa nyuma. Alinipa simu. Nilidhani ameshindwa kusoma, kumbe alitaka na mimi nisome.

*Kaka, majina yameanza kunitoka. Jana nilimwita binti yangu kwa jina la mama. Ukinipigia naona haya, nasahau nilichotaka kusema. Niandikie mambo yetu ya utotoni, machache machache, niwe nayasoma asubuhi kabla watu hawajaamka.*

Chini yake, kidole gumba.

Sikujua niseme nini. Nilitaka kumwambia kwamba dada yake ataelewa, lakini wiki tisa za kungoja ni nyingi kwa mtu anayesahau. Babu alinyoosha mkono, nikamrudishia simu.

"Nikuandikie, Babu? Wewe sema tu, mimi nachapa."

"Hapana. Ameniomba mimi."

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja cha shahada. Kila herufi aliitafuta, akaigusa, kisha akainua macho kuhakikisha imekaa pale juu. Alikosea, akafuta, akarudia. Mkono ule niliuona tena kama nilivyouona utotoni, umetulia juu ya saa iliyofunguliwa tumbo. Ilimchukua karibu nusu saa. Kabla ya kutuma alinionyesha.

*Mdogo wangu, nisamehe nimechelewa. Unakumbuka ulipong'oa mshale wa saa ya baba ukauficha chini ya mkeka? Nilichapwa mimi. Sikukusema. Kesho nitakuandikia tulivyourudisha.*

Akatuma. Alama mbili zikatokea pembeni, bado za kijivu. Akaendelea kuzitazama.

"Mjukuu wangu."

"Naam, Babu."

"Hiyo simu yake yeye, herufi zake zikoje?"

Sikujua. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza. Nilichukua simu yangu nikaanza kumtafuta binti yake, na Babu akasogeza kiti karibu ili asikie.

"Mwambie asifanye kwa pupa," akasema. "Robo robo. Na amuulize mwenyewe."