Hotuba ya Chifu

Chifu aliweka mezani kurasa saba za mwandiko wake, wino umepenya hadi upande wa pili. "Komora mwanangu, nimepewa dakika tano tu. Punguza. Baraza ni saa nane."

Ilikuwa Aprili 2024. Mvua ya masika ilikuwa imekolea huko juu, mabwawa ya Masinga hadi Kiambere yamejaa, na mto Tana ulishuka Garsen ukiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Komora akashika kalamu nyekundu. Majina ya wakubwa aliyaacha yote, kwani mkubwa akirukwa huwa kesi. Shukrani kwa serikali akaziacha pia. Ukurasa wa nne ulisimulia mafuriko ya El Nino ya 1997, akaufuta wote. Orodha ya wenye mitumbwi na zamu zao akaibana kwa maneno mawili: "usafiri umeandaliwa." Ukabaki ukurasa mmoja na nusu, safi, wa kiofisi.

Nje kwenye benchi Mama Hawa alikuwa akisubiri barua ya kitambulisho cha mwanawe. Komora akamsomea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya leso. "Umesoma vizuri, mwanangu. Sasa tunahama lini?"

"Mapema iwezekanavyo, mama."

"Mapema ni kesho, au Ijumaa? Mimi niko ng'ambo. Nani atanivusha? Na mbuzi je?"

Komora akafungua mdomo, akaufunga. Majibu yote yalikuwa ofisini, chini ya wino wake mwekundu.

Alirudi, akachukua karatasi mpya. Kuhama mwisho Alhamisi jua likizama. Mtumbwi uko chini ya mwembe mkubwa tangu alfajiri: watoto na wazee kwanza, kisha mbuzi. Kambi ni shule ya msingi iliyo mwinukoni. Ndipo akarudi kwenye ukurasa wa nne, akausoma polepole, neno kwa neno, jinsi alivyopaswa kuusoma asubuhi.

Chifu alipopokea karatasi akainua macho. "Wakubwa wako wapi?"

"Watakaa mbele, Chifu. Watu watawaona."

Chifu akasoma tena, akafika mstari wa mwisho. Kidole chake kikasimama hapo. "Hiki nilidhani umekikata."

"Nilikikata, Chifu. Nimekirudisha."

Saa nane, chini ya mwarobaini, Chifu alisoma bila haraka. Mtoto mmoja alikuwa akilia. Mamake akamnyonyesha, akanyamaza. Ukabaki mstari ule mmoja. Chifu akaikunja karatasi, akausema kwa kichwa.

"Mwaka 1997 nilitoa cherehani kwanza. Niliporudi kumchukua mama, maji yalikuwa yameshaufunga mlango."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Hawa alikuwa ameshasimama, anajifunga leso kiunoni, anamwita mwanawe wakafungue mbuzi.