Mchele 1, nazi 2, hamira na ili

Ujumbe uliingia saa 11 na dakika 48 jioni, Alhamisi, umeme ukiwa umekatika tangu alasiri. Mzee Sefu alikuwa akimpimia mteja maharage. Aliitazama simu, akamaliza kupima, akapokea hela, ndipo akausoma.

"Shkamo babu sefu mama kasema utuletee mchele 1 nazi 2 hamira na ili"

Basi. Namba ilikuwa ya Mama Zuhura, nyumba ya pili kutoka msikitini, upande wa nyuma wa Barabara ya 14 hapo Ngamiani. Mwandiko haukuwa wake. Mama Zuhura huweka nukta na hutaja bei anayoitaka. Hii ilikuwa kazi ya Zuhura mwenyewe, mtoto wa darasa la tatu.

Akapiga. Sauti ya mtandao ikamwambia namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akangoja dakika tano, akapiga tena, ikawa vilevile. Yaelekea mtoto aligusa kutuma akiwa katikati ya neno, kisha simu ikazima chaji, na bila umeme haitawaka karibuni.

Juma, kijana wake wa dukani, alichungulia begani.

"Iliki hiyo, mzee. Mchele, nazi, hamira, iliki. Vitumbua."

"Huenda. Au 'ili' tu. Ili tupike, ili mama alale. Neno halijaisha."

"Basi peleka vitumbua."

"Sipeleki vitumbua, Juma. Napeleka mchele. Mchele upi?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Dukani kulikuwa na magunia mawili yaliyofunguliwa. La kwanza Kyela, punje ndefu, harufu yake inakupokea mlangoni, kilo Sh 3,000. La pili mchele mchanganyiko wenye chenga nyingi, kilo Sh 2,400. Kwa vitumbua chenga haina tatizo lolote, maana mchele unalowekwa na kusagwa, na kulipia punje ndefu ili uzivunje kwenye blenda ni hasara ya Sh 600. Lakini ukimpa mtu chenga naye anataka wali wa nazi wa usiku huo, anapata bokoboko: vipande vidogo vinaiva mapema, vinatoa wanga, vinashika chini kabla punje nzima hazijalainika. Na nazi mbili kwa kilo moja ni kipimo cha wali kama kilivyo cha vitumbua. Hamira nayo ingeweza kuwa ya maandazi ya kesho, mbali kabisa na mchele.

Mzee Sefu alivuta daftari la mikopo. Ukurasa wa Mama Zuhura ulikuwa na alama ya kitambaa cha bluu. Akasogeza taa ya chaji, akashuka na kidole mstari kwa mstari.

Jumapili iliyopita: Kyela kilo 1, nazi 2. Hakuna hamira. Huo wali.

Jumatatu: sukari kilo 1, majani ya chai, sabuni ya mche.

Wiki tatu nyuma, siku ya Alhamisi: mchele wa chenga kilo 1, nazi 2, hamira pakiti 1, sukari nusu, iliki ya mia tano.

Unga wa ngano hakuuona mahali popote katika wiki hizo tatu, na Mama Zuhura hanunui unga kwingine bila kumwambia. Maandazi yakaondoka. Sukari ya Jumatatu ilikuwa kilo nzima, na vitumbua vya kilo moja ya mchele havihitaji zaidi ya nusu kilo. Kwa hiyo sukari wanayo, ndiyo maana hawakuiagiza. Iliki hakuna mahali ilipoandikwa tena tangu siku ile.

"Chenga," alisema Juma.

"Chenga. Lakini pima na Kyela."

"Zote mbili?"

"Kila moja kilo yake, mfuko wake. Mchele mkavu unarudi dukani. Ukishaoshwa haurudi."

Muda nao ulikuwa unasukuma. Mchele wa vitumbua unataka saa sita ndani ya maji, na bora zaidi ulale usiku kucha. Ukilowekwa saa moja usiku, kabla ya alfajiri umelainika kiasi cha kuvunjika kwa kucha, unasagwa na tui zito, unatiwa hamira, unaachwa karibu saa nzima uumuke. Ukichelewa kuloweka, unga unabaki na chembechembe kama mchanga, na kitumbua kinakuwa kigumu pembeni hata ukizidisha hamira.

Akaenda kwenye nazi. Alichukua moja, akaitikisa sikioni, maji yakacheza. Akaangalia macho yake matatu: makavu, hayana ukungu. Ya pili ilikuwa kimya, akairudisha. Ya tatu ilicheza lakini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na nazi ya namna hiyo ndani huwa imeanza kuchacha. Ya nne ilikuwa safi. Juma alishaikamata mashine ya kukunia ya mkono, maana wateja wengi wa jioni huomba wakuniwe kwa Sh 200.

"Acha. Kama ni vitumbua, tui linakamuliwa alfajiri. Nazi iliyokunwa sasa hivi, kwa joto hili na friji zimezima, kesho inanuka. Kama ni wali, mbuzi wanayo nyumbani."

Ikabaki hamira. Boksi lililofunguliwa lilikuwa rafu ya juu, ukuta wa magharibi, mahali ambapo bati hupata jua tangu saa nane mchana. Pakiti ni za gramu 11, tarehe yake ya mwisho bado miezi minne. Lakini Mzee Sefu aligusa karatasi yake akaiona ina joto, na siku mbili nyuma mama mmoja alilalamika kwamba mikate yake haikupanda. Alikuwa amemdhania kwamba alitumia maji ya moto.

Akafungua pakiti moja ya boksi hilo, akatia nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu na sukari kidogo. Akafanya hivyohivyo kwa pakiti ya boksi jipya lililokuwa sakafuni chini ya kaunta, kwenye kivuli. Akaziweka glasi mbili kando ya taa, akaenda kumhudumia mtoto aliyetaka kiberiti.

Baada ya dakika kumi glasi ya boksi jipya ilikuwa na povu la kidole kimoja. Ya boksi la juu ilikuwa na viputo vichache pembeni, maji yake yametulia na rangi ya udongo.

Mzee Sefu alizitazama kwa muda. Kisha akateremsha boksi lote la juu, akaandika "USIUZE" kwa kalamu ya wino, akaliweka nyuma ya mizani. Yule mama wa mikate atarudishiwa hela yake na pakiti nyingine, na ataombwa radhi.

Akafunga: chenga kilo 1, Kyela kilo 1, nazi 2, hamira 1 ya boksi jipya, na iliki ya Sh 500 ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, hakijabanwa, ili kikirudi kirudi kama kilivyotoka. Akamwachia Juma duka.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha alipobisha hodi. Mlango haukufunguliwa. Sauti ndogo ikauliza nani.

"Mimi Mzee Sefu wa dukani."

"Shikamoo babu. Mama kasema nisifungue mpaka aje. Yuko uani anamwogesha mdogo wangu."

"Marahaba. Vizuri sana, usifungue. Nangoja hapahapa kibarazani."

Aliketi, mfuko miguuni. Ndani alisikia mtoto akisogea, kisha akasikia sauti yake chini zaidi, karibu na nyufa za mlango.

"Babu, ule ujumbe ulifika? Simu ilizima sijamaliza. Nilijua haujaenda."

"Ulifika hadi 'na ili'."

Kimya. "Basi haujafika wote," alisema Zuhura, kwa huzuni ya mtu aliyepoteza daftari la shule.

Mama Zuhura alikuja na mtoto mchanga begani, kibatari mkononi, akafungua.

"Shikamoo Mzee Sefu. Karibu ndani, ungesimama kizani kwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Hapa panatosha. Nimeleta, ila nina maswali kabla hamjaosha kitu. Wali au vitumbua?"

"Vitumbua. Vya kesho asubuhi."

Akamkabidhi chenga, Kyela akaibakiza mfukoni. Nazi akazitikisa tena mbele yake. Kisha akatoa kikaratasi.

"Na iliki."

Mama Zuhura alikunja uso. "Iliki ninayo, ya wiki zile. Sikuagiza iliki." Akamgeukia binti yake. "Ulimwandikia iliki?"

"Hapana! Niliandika kama ulivyosema. Mchele, nazi, hamira, na iliyobaki."

"Iliyobaki," alirudia Mzee Sefu.

"Nina elfu nne, mzee wangu," alisema Mama Zuhura, sauti ikishuka. "Nilimwambia aandike, hela iliyobaki utuandikie mpaka Jumamosi."

Mzee Sefu alipiga hesabu kichwani. Chenga 2,400, nazi mbili kwa 1,000 kila moja, hamira 500. Jumla 4,900. Inabaki 900. Akarudisha iliki mfukoni.

"Mia tisa. Nitaandika. Sukari mnayo? Niliona ya Jumatatu ni kilo, nikadhani ipo."

Mama Zuhura akatazama chini. Wageni wa kumwona mtoto walikuwa wamefululiza kila siku tangu Jumatatu, na kila mgeni na chai yake. Kilo iliisha jana usiku. Hakuitaja kwenye agizo kwa sababu hakutaka deni lifike mbali.

Daftari lilionyesha sukari iliyotoka dukani. Vikombe vya wageni havikuwa ndani yake.

"Loweka mchele sasa hivi, usinisubiri," alisema Mzee Sefu. "Maji yapite juu ya mchele vidole vinne. Na hamira usiitie leo, itie ukishasaga."

Alirudi dukani, akapima sukari nusu kilo, akamtuma Juma aikimbize. Kisha akaandika kwenye ukurasa wenye kitambaa cha bluu: "Alhamisi. Deni 900. Sukari nusu, 1,500. Jumla 2,400. Jumamosi." Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo: "Wana wageni. Uliza sukari."

Umeme ulirudi saa 3 na robo usiku. Mzee Sefu alikuwa akishusha mlango wa bati simu ilipotoa mlio. Namba ya Mama Zuhura. Akavaa miwani.

"yobaki utuandikie mpaka jumamosi. Mwisho."