Kumsomea mwenye shamba mkataba wa kukodisha kabla hajatia dole gumba

Shikamoo, bibi. Mimi nimeitwa kukusomea mkataba huu. Si ndugu wa mpangaji, na malipo yangu ni yaleyale ukikubali au ukikataa. Yeye nimemwomba asubiri nje ili ukitaka kuuliza usimwonee haya. Jirani yako huyu umemchagua mwenyewe awe shahidi. Hapati chochote humu, na anajua kusoma. Ameshika nakala ya pili afuatilie. Nikiruka neno, anikatishe.

Nitasoma kifungu kimoja, nisimame, kisha wewe uniambie kinasema nini kwa maneno yako. Usiniitikie "ndiyo" tu, maana hata asiyeelewa huitikia ndiyo.

Kurasa ni mbili, vifungu vitano.

Kifungu cha kwanza: unamkodisha shamba la ekari mbili, kutoka kijitoni hadi kwenye mwembe mkubwa. Humuuzii. Mkataba ukiisha, shamba linarudi mikononi mwako. Haya, niambie, shamba ni la nani?

Cha pili: ni miaka mitatu, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 hadi tarehe 31 Desemba 2028. Huwezi kumtoa katikati kwa sababu tu amekuja mwingine mwenye pesa zaidi. Hapo pafikirie vizuri, ndipo wengi hujuta.

Cha tatu: kodi ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Analipa zote kwa mara moja, kabla ya tarehe 15 Januari ya kila mwaka, wala si kidogokidogo. Kwa miaka mitatu ni shilingi 1,200,000. Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Shahidi, hakikisha vinalingana. Leo hujapokea kitu, na karatasi haisemi kwamba umepokea. Ingesema, ningekuzuia.

Cha nne: hajengi, hapandi miti ya kudumu, wala hamkodishi mtu mwingine, isipokuwa kwa idhini yako ya maandishi. Akikuambia njiani kwamba mlishaongea, haitoshi.

Cha tano: asipolipa, unampa notisi ya maandishi ya siku 30. Zikipita hajalipa, mkataba umevunjika, ila mazao aliyokwisha kupanda atayavuna. Nirudishie: akikaa kimya hadi Februari, utafanya nini?

Umesema migomba ya kijitoni ni yako na haimo katika makubaliano. Karatasi haisemi hivyo, na ya mdomo hayatakusaidia baadaye. Tumemwita mpangaji, amekubali. Naongeza chini ya kifungu cha kwanza, katika nakala zote mbili: "Migomba iliyo kando ya kijito haimo katika ukodishaji huu." Nimekusomea tena. Pembeni mwa mstari huu wewe utatia dole, mpangaji na shahidi watatia saini. Bila hivyo mtu anaweza kudai uliongezwa baadaye.

Sasa tazama nafasi tupu zote nimezipiga mstari. Usitie dole kwenye karatasi yenye pengo, hata ukiambiwa litajazwa kesho.

Tunatumia dole gumba la kushoto. Nawa kwa sabuni ujikaushe kabisa. Vumbi huziba mistari ya ngozi, na maji huvujisha wino. Gusa pedi kidogo tu, wino ukizidi linatoka doa jeusi. Jaribu kwanza kwenye karatasi hii chakavu. Weka ubavu wa dole, libingirishe mara moja hadi ubavu wa pili, kisha inua moja kwa moja. Usirudi nyuma. Nitashika kifundo chako, ila kubonyeza ubonyeze wewe. Likichafuka hatugandamizi juu yake: tunaliacha lilivyo, tunatia jingine kando na kuandika kwamba ni la pili. Utatia kwenye kila ukurasa, nakala zote mbili. Shahidi, usisaini mpaka umeona kwa macho yako.

Bibi, kabla ya wino: kuna aliyekulazimisha? Unataka siku ya kufikiri? Ukitaka, tunafunga karatasi sasa hivi na hakuna ubaya.

Haya. Hiki ndicho kinachoandikwa chini, nacho nakusomea:

"Alama hii ni ya dole gumba la kushoto la mwenye shamba, asiyejua kusoma. Mkataba wote, pamoja na nyongeza kuhusu migomba, amesomewa kwa sauti kwa Kiswahili leo tarehe 12 Desemba 2025. Ameurudia kwa maneno yake, akaonekana kuuelewa, na ametia dole kwa hiari yake mbele yetu. Msomaji na shahidi hawana maslahi katika mkataba huu."

Mimi nasaini kama msomaji. Shahidi anasaini chini yangu, na kuandika jina lake kamili, anwani na kazi yake. Nakala moja unaondoka nayo leo.