Kusoma Wino Mwekundu: Maneno Machache kwa Wazazi wa Kidato cha Tatu

Wazazi na walezi, hamjambo tena. Mwalimu Mkuu amenipa dakika chache, na msongamano wa Jogoo Road jioni mnaujua kunishinda, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Kila mmoja wenu ana bahasha. Ndani mna karatasi tatu za Kiswahili za mtihani uliopita: Insha, Lugha na Fasihi. Nimeona wengine mmeshazifungua. Jicho limekwenda kwenye alama, likamgeukia mtoto, naye mtoto akaanza kutazama dirishani. Naomba mzifungue upya na alama mziache kando kidogo. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia husomi salio peke yake, unataka kujua pesa zimekwenda wapi. Maoni ya mwalimu ndiyo yanayoeleza alama zilikokwenda.

Tuanze na Insha, kwa sababu ndiyo inayotapakaa wekundu. Idara yetu husahihisha kwa mtindo wa mtihani wa kitaifa, ili watoto hawa, ambao ndio wa mwisho kukalia KCSE ya 8-4-4 mwaka 2027, wasikutane na mageni siku hiyo. Mistari miwili chini ya maneno ni kosa la sarufi. Mstari mmoja ni kosa la tahajia. Kijikofia kati ya maneno kinaonyesha kuna neno limeachwa. Tiki juu ya neno ni sifa: msamiati huo umependeza. Ile tiki ya chini kabisa ya ukurasa, upande wa kulia, haina sifa yoyote. Inathibitisha tu kwamba mwalimu ameupitia ukurasa. Mzazi mmoja aliwahi kuzihesabu zote akaja kuniuliza mbona hazilingani na alama.

Kuna jambo hapa linalowapotosha wengi. Kosa hupigwa mstari linapotokea mara ya kwanza tu. Kwa hivyo ukurasa wa kwanza ukiwa mwekundu na wa tatu ukiwa safi, usiseme mtoto alichangamka akifika katikati. Huenda amelirudia kosa lile lile hadi nukta ya mwisho.

Acha niwasomee karatasi moja. Mwenyewe ameniruhusu, na jina nimelifunika. Swali lilitaka barua kwa mhariri kuhusu uchafuzi wa mazingira mtaani. Mwanafunzi ameandika: "Maji taka imejaa kwa barabara na watu wanaugua, hivo serikali ifanye kitu." Chini ya "imejaa" kuna mistari miwili, kwa sababu maji hayawi "imejaa", maji "yamejaa". Chini ya "hivo" kuna mstari mmoja, kwa kuwa imekosa y. Haya ni makosa ya mdomo wa mtaani yaliyopenya kwenye karatasi, na yanarekebishika. Tazameni sasa maoni ya mwisho: "09/20. Hoja sita, tatu zimetajwa tu. Anwani ya mhariri haipo. Eleza: nani anaugua, nini, kwa nini?"

Mzazi akiona tisa atamwambia mtoto asome Kiswahili kwa bidii. Lakini mwalimu hajasema hivyo hata kidogo. Amesema mtoto ana mawazo sita mazuri, matatu ameyaacha yakiwa uchi. "Watu wanaugua" ni kutaja. Angesema watoto wanaocheza kando ya mtaro ule wanaugua kipindupindu kwa sababu mabomba ya maji safi yaliyopasuka yamepita humo humo kwenye maji taka, hapo angekuwa ameeleza. Ndiyo njia ya kutoka kundi la C, linaloishia 10, kuingia B, inayoanzia 11. Na anwani? Hiyo ni sura ya barua. Asiyeizingatia sura huweza kupoteza hadi alama nne, na hizo hazihitaji kipaji, zinahitaji kukumbuka tu. Mimi huumia zaidi mtoto akipoteza hizo nne kuliko akikosea sarufi.

Wengine mtakuta 03. Msishtuke kabla ya kusoma pembeni. Kama pameandikwa "Umekiuka swali", basi hiyo tatu haipimi Kiswahili chake. Huenda insha yenyewe ni tamu. Aliulizwa kuhusu methali moja akasimulia kisa cha nyingine. Dawa yake ni kusoma swali mara mbili na kupigia mstari maneno makuu kabla ya kalamu kuanza kukimbia. Mtoto wa namna hiyo kumtafutia mwalimu wa tyusheni ya sarufi ni kumwaga pesa.

Karatasi ya Lugha haina mengi. Mkiona nusu nusu zikiondolewa kwenye ufahamu, jibu lilikuwa sahihi ila limeandikwa kwa makosa. Kwenye muhtasari mtakuta "Umenakili". Maana yake amechukua sentensi za kifungu kama zilivyo badala ya kutumia zake. Katika Fasihi neno linalojirudia ni "Muktadha?" Hapo mwalimu anauliza: nani anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani? Ukikuta neno hilo kila ukurasa, mtoto anaijua hadithi kwa kusimuliwa na wenzake. Kitabu chenyewe hajakisoma. Hapo msimhurumie.

Kuna maoni ambayo hata mimi siyapendi: "Jitahidi", basi. Mkilikuta peke yake, mna haki ya kumwuliza mwalimu wa somo, kwa heshima, ajitahidi wapi? Walimu wangu wanajua kwamba nimewaambia mtauliza.

Najua wengine mnawaza, mimi Kiswahili changu ni cha sokoni, nitamsaidiaje? Mama, baba, hakuna anayewataka msahihishe. Muulize mtoto swali moja tu: "Hapa mwalimu amekuambia ufanye nini?" Akijibu "amesema nimefeli", bado hajasoma. Akijibu "amesema nieleze hoja ya tatu", mpe karatasi tupu aieleze, aya moja, pale pale mezani. Insha nzima itamchosha na itawachosha nyinyi pia. Na insha ijayo ikirudi, ziwekeni mbili kando kwa kando. Maoni yakiwa yale yale, tupigieni simu. Yakiwa mapya, hata kama alama ni zile zile, kuna kosa amelishinda, na mwambieni mmeliona.

Kuhusu alama zenyewe: kama hesabu imekosewa kwenye kujumlisha, leteni karatasi leo, tutarekebisha mbele yenu. Ila kuja kuomba kumi iwe kumi na moja kwa sababu mtoto analia, hilo hatutafanya. Na tafadhali msilinganishe karatasi na ya mtoto wa jirani hapa ukumbini. Tisa ya mmoja imetokana na sura, tisa ya mwingine imetokana na hoja, na kila mmoja ana kazi yake.

Walimu wa Insha na Lugha wako maktaba, wa Fasihi wako darasa la Tatu Mashariki, hadi saa kumi na nusu. Nendeni na mtoto, karatasi mkononi, na yeye ndiye aanze kuzungumza. Karatasi zote zirudi Jumatatu zikiwa na sahihi yako chini ya maoni ya mwalimu, si juu pale kwenye alama.

Asanteni. Mwenye swali la haraka nipo hapa mlangoni.