Maelekezo Kabla ya Zamu ya Jioni, Ijumaa

Habari za jioni, jamani. Tunafungua saa 12:30.

Chakula maalumu ni changu wa kupaka na wali wa nazi, shilingi 28,000. Wapo 14 tu, ulizeni jikoni kabla ya kuahidi. Anachomwa baada ya oda, dakika 25; mwambie mgeni mapema, umpendekezee supu ya pweza wakati anasubiri.

Kambakochi na juisi ya ukwaju vimekwisha. Semeni mnapotoa menyu, si mgeni akishachagua.

Meza zilizowekwa: meza 4, watu wawili, saa 1:00. Meza 9 na 10 tunaziunganisha: watu 12, saa 2:00, mmoja ana mzio wa karanga. Andikeni kwenye oda, kisha mwambieni mpishi kwa mdomo pia. Mchuzi wa mishikaki una karanga, na koleo la jikoni ni lile lile. Chakula cha mgeni huyo kitatumia koleo na sufuria safi. Keki yao iko friji ya baa, isiguswe.

Lengo la leo ni moja: kinywaji mezani ndani ya dakika 5. Kinachochelewesha ni kukusanya oda za meza tatu ndipo mzipeleke baa kwa pamoja. Kila meza ukimaliza, peleka.

Maswali?