Tafsiri ya Barua ya Udahili wenye Masharti

Ndugu Mwombaji,

Tunafurahi kukupa nafasi katika Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii, itakayoanza tarehe 21 Septemba 2026, kwa sharti kwamba upate GPA isiyopungua 3.5 katika shahada ya kwanza na alama 6.5 za IELTS, bila kushuka chini ya 6.0 katika kipengele chochote.

Ada ni pauni 24,500. Amana ya pauni 4,000 itufikie kabla ya tarehe 30 Juni 2026, la sivyo nafasi itafutwa.

Bado hatujapokea matokeo yako yaliyothibitishwa, nakala ya pasipoti wala barua ya mdhamini wa pili. Hati ya kuombea viza haitatolewa mpaka masharti yote yatimie.

Ofisi ya Udahili